Kutambulisha ndugu kwa Kifaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nianze na maneno yapi?

Anza na wale unaowataja kila siku, na uyajifunze maneno wawili wawili, wa kiume na wa kike: *le père* (baba) na *la mère* (mama), *le frère* (kaka) na *la sœur* (dada), *le fils* (mtoto wa kiume) na *la fille* (binti), *le mari* (mume) na *la femme* (mke). Ongeza *le grand-père* na *la grand-mère* kwa babu na bibi, kisha *l'oncle* na *la tante*, *le cousin* na *la cousine*, *le neveu* na *la nièce*. Watoto ni *les enfants*.

Neno *les parents* lina mitego yake. Ukisema *mes parents*, msikilizaji anaelewa baba na mama. Lakini *un parent* anaweza kuwa ndugu yeyote wa ukoo, hata wa mbali. Kwa hiyo usishangae mtu akimwita binamu yake *un parent*.

Baba mkubwa, mama mdogo, mjomba, shangazi: mbona kamusi inanipa maneno mawili tu?

Kwa sababu yapo mawili tu. Mfaransa hajali kama mtu ni wa upande wa baba au wa mama, wala kama ni mkubwa au mdogo kwa mzazi wako. Mwanamume ni *oncle*, mwanamke ni *tante*. Baba mkubwa, baba mdogo na mjomba wote ni *mon oncle*. Shangazi, mama mkubwa na mama mdogo wote ni *ma tante*. Hata mke wa mjomba ni *ma tante*.

Mimi nilipoanza kujifunza nilidhani naweza kutafsiri neno kwa neno. Nikamtambulisha baba mkubwa kama *mon grand-père*. *Grand* si ni mkubwa, na *père* si ni baba? Mwenzangu akamtazama yule mzee, akanitazama mimi, akaanza kupiga hesabu za miaka usoni. *Grand-père* ni babu. Vivyo hivyo *grand-mère* ni bibi, kamwe si mama mkubwa.

Ukitaka kuonyesha upande, eleza kwa sentensi: *C'est mon oncle, le grand frère de mon père.* Huyo ndiye baba mkubwa. Mjomba atakuwa *le frère de ma mère*, na mama mdogo *la petite sœur de ma mère*. Ni maelezo marefu kidogo, lakini hakuna atakayepotea.

Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wao. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka au dada, basi. Kwa Kifaransa ni *cousin* au *cousine*, sawa na mtoto wa mjomba au wa shangazi. Ukimwita *mon frère*, msikilizaji atamhesabu kwenye tumbo la mama yako, na baadaye utakapomtaja mama yake mwingine ataona umejichanganya. Na mtoto wa ndugu yako, hata kama wewe ni mwanamume na nyumbani unamwita “mwanangu” kwa kuwa ni wa kaka yako, ni *neveu* akiwa wa kiume na *nièce* akiwa wa kike.

“Ndugu” ni nani kwa Kifaransa?

Hakuna neno moja la kila siku linalobeba mzigo wote wa “ndugu”. Unapouliza “Una ndugu wangapi?” ukimaanisha wa tumbo moja, unasema *Tu as combien de frères et sœurs ?* Kama huna hata mmoja, sema *Je suis fils unique* ukiwa mwanamume, *Je suis fille unique* ukiwa mwanamke. Kama una dada lakini huna kaka: *J'ai une sœur, mais je n'ai pas de frère.* Tazama hiyo *de*: baada ya kukanusha, *un* na *une* huondoka na *de* hukaa mahali pake.

Mkubwa na mdogo ni rahisi: *mon grand frère*, *ma petite sœur*. Hapa *grand* na *petit* zinasema umri, hazisemi kimo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema bila kujipinga *Mon petit frère est très grand*: mdogo wangu ni mrefu sana. Kivumishi kilichotangulia jina kinaonyesha nafasi yake katika kuzaliwa, na kilichokuja baada ya *est* kinaonyesha urefu. Mzaliwa wa kwanza ni *l'aîné* au *l'aînée*.

Tahadhari moja ndogo: *mon petit ami* si rafiki yangu mdogo. Ni mpenzi wangu. Na *ma petite amie* vivyo hivyo. Usiyatumie kumtambulisha rafiki wa mdogo wako.

Nachanganya mon, ma, mes, na zaidi son na sa. Nifanyeje?

Sahau Kiingereza kwa dakika tano, rudi kwenye Kiswahili. Sisi tunasema “kitabu changu, vitabu vyangu, nyumba yangu”. Kimilikishi kinafuata kitu kinachomilikiwa, hakimfuati mwenye nacho. Kifaransa kinafanya hivyo hivyo, ila ngeli zake ni mbili tu, ya kiume na ya kike, pamoja na wingi. *Mon père*, *ma mère*, *mes parents*. Awe anayesema ni mwanamume au mwanamke, mama yake ni *ma mère*.

Sasa “-ake”. Ukisema “mama yake”, msikilizaji hajui kama ni mama wa mwanamume au wa mwanamke. *Sa mère* iko hivyo hivyo. Ni *sa* kwa kuwa mama ni wa kike. Mwenye mama hatuulizi. Kadhalika *son père* ni baba yake, awe mtoto ni binti au mvulana. Wanaokosea hapa mara nyingi ni wale waliojifunza Kiingereza kwanza. Wanaona mwanamume, wanakimbilia *son*, kisha wanasema *son sœur*. Mwambie mtu huyo afikirie “dada yake”, atafika salama kwenye *sa sœur*.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hakikusaidii. *Ma* na *sa* haziwezi kutangulia neno linaloanza na irabu. Kwa hiyo rafiki wa kike ni *mon amie*, ingawa ni wa kike. Bibi mzaa bibi ni *mon arrière-grand-mère*. Masikioni *mon ami* na *mon amie* ni sawa kabisa, kwa hiyo ukitaka ieleweke ni mwanamke, sema sentensi ya pili yenye *elle*.

Kwa nini kila mara namwita mama “il”?

Kwa sababu kiambishi chetu “a-” hakina jinsia. “Anapika, anaimba, amelala” haisemi ni nani. Kosa hili halitokani na kutojua kwamba *elle* ni mwanamke, kwani kila mtu anajua. Linatokana na mazoea: ulimi unatoa neno moja kwa watu wote, na katika sentensi ya tatu au ya nne, ukishazama kwenye habari yenyewe, *il* inaponyoka.

Dawa ninayoiona inafanya kazi ni kumweleza mtu mmoja kwa sentensi 6 au 7 mfululizo, kwa sauti, na kila sentensi ianze na *elle*. Siku inayofuata, mwanamume. Ukichanganya watu wawili mapema, utayumba.

Na *elle* haiji peke yake. Inaburuta kivumishi. *Il est grand*, *elle est grande*. *Il est petit*, *elle est petite*. Katika *grand* na *petit* herufi ya mwisho haisikiki, katika *grande* na *petite* inasikika, kwa hiyo kosa linasikika pia. Vivumishi vinavyoishia na *e* tangu mwanzo havibadiliki: *jeune* (kijana), *mince* (mwembamba), *calme* (mtulivu), *timide* (mwenye haya), *drôle* (mcheshi). Mwanafunzi mjanja huanza na hivi. Vichache vinageuka sana na inabidi uvikariri: *beau* na *belle*, *vieux* na *vieille*, *gentil* na *gentille*.

Nikionyesha picha niseme “c'est ma tante” au “elle est ma tante”?

*C'est ma tante.* Tazama neno linalofuata. Likiwa na *ma*, *mon*, *un*, *une*, *le* au *la* mbele yake, tumia *c'est*. Wakiwa wengi, *ce sont mes cousins*. Lakini kikifuata kivumishi kitupu, au kazi isiyo na *un* wala *une*, tumia *il est* au *elle est*: *Elle est gentille. Elle est infirmière.*

Hapo kwenye kazi Kiswahili kinakubeba tena. “Shangazi ni mwuguzi” haina kitu kati ya “ni” na “mwuguzi”, na *Ma tante est infirmière* haina pia. Wanaoweka *une* hapo wameileta kutoka kwingine.

Lini natumia être na lini avoir?

Huu ndio ufunguo wa kueleza watu, na kwa bahati tunao mkononi tayari. Jiulize ungesema “ni” au “ana”.

“Kaka ni mrefu” ina “ni”: *Mon frère est grand.* “Ana miaka 20” ina “ana”: *Il a vingt ans.* “Ana macho meusi”: *Il a les yeux noirs.* “Ana nywele fupi”: *Il a les cheveux courts.* Hata “ana njaa” inakwenda sawa: *il a faim*. Usisahau *ans* kwenye umri. Ukisema *il a vingt* peke yake, atasubiri umwambie ishirini ya nini.

Njia hii ina mipaka. Kiswahili kinapenda kusema tabia kwa “ana”, Kifaransa kinasema tabia kwa *être*. “Ana akili” ni *elle est intelligente*. “Ana huruma” ni *elle est gentille*, “ana furaha” ni *elle est contente*, na “ana hasira” ni *elle est en colère*. Kwa hiyo “ana” ya umri na ya sehemu za mwili inabaki *avoir*. “Ana” ya tabia na hisia za moyoni kwa kawaida inageuka *être*. Miwani huvaliwa: *il porte des lunettes*.

Nywele, kimo na rangi ya ngozi: nielezeje bila kuudhi mtu?

Tuanze na kimo. Kiswahili kina “-refu” na “-fupi” kwa vyote, mtu na nywele. Kifaransa kinatenganisha. Mtu mrefu ni *grand* na nywele ndefu ni *longs*. Mtu mfupi ni *petit* na nywele fupi ni *courts*. *Mon frère est long* ni kosa la kawaida kabisa kwa anayetafsiri.

Nywele za kichwani ni wingi daima, *les cheveux*. Za kipilipili ni *crépus*, zilizojikunja ni *frisés*, zilizonyooka ni *raides*. Mwenye kusuka mikia unasema *elle a des tresses*. Mwenye upara: *il est chauve*. Mwenye ndevu: *il a une barbe*.

Kwenye rangi kuna shimo. *Elle est brune* haisemi ngozi. Inasema nywele zake ni nyeusi au za kahawia iliyokolea. Ukitaka kusema dada yako ni maji ya kunde, itaje ngozi yenyewe: *Elle a la peau brune.* Mweupe kwa maana yetu ya nyumbani, yaani mwenye rangi angavu, ni *elle a la peau claire*. Kama utasema *elle est blanche*, umesema ni Mzungu. Macho ya kahawia ni *les yeux marron*, bila *s*, kwa kuwa *marron* asili yake ni jina la tunda, nayo haibadiliki.

Unene unahitaji busara. *Gros* na *grosse* ni maneno makali ukimwambia au kumsema mtu usoni, hasa *grosse*. *Un peu rond* au *un peu ronde* ni laini zaidi. Wembamba: *mince* ni sifa, *maigre* ni kukonda hadi watu waulize kama unaumwa.

“Mzee” ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu heshima yake haivuki. *Mon oncle est vieux* inamtaja kama kitu kilichochakaa. Sema *Il est âgé*, na kwa mwanamke *elle est âgée*.

Shemeji, wifi na wakwe je?

Chukua *beau* au *belle*, weka kistari, ongeza ndugu husika. Baba mkwe *beau-père*, mama mkwe *belle-mère*, shemeji wa kiume *beau-frère*, wifi au shemeji wa kike *belle-sœur*. Ukweni kote ni *la belle-famille*. Mume wa binti yako ni *mon gendre*, mke wa mwanao ni *ma belle-fille*.

Uzuri wa *beau* hauhusiki hapa. Ukiandika *ma belle sœur* bila kistari ndipo unamsifu dada yako wa damu kwamba ni mrembo. Tatizo kubwa ni jingine: *beau-père* ni pia baba wa kambo, na *belle-mère* ni mama wa kambo. Utofautishe kwa maelezo: *le mari de ma mère* ni wa kambo, *le père de ma femme* ni mkwe. Ndugu wa baba mmoja au mama mmoja ni *demi-frère* na *demi-sœur*.

Mtu akishafariki?

*Mon père est décédé.* Kwa mama: *Ma mère est décédée.* *Est mort* si kosa, ila *décédé* ni la upole zaidi. Ukiendelea kumweleza tumia *était* na *avait*: *Il était grand, il avait une barbe.*

Matamshi gani yananifanya nisieleweke?

Matano hivi yanatosha kwa kuanzia. *Fils* inatamkwa “fis”: *l* imelala, *s* iko macho. *Fille* ni “fiy”, haina sauti ya *l* hata kidogo. *Femme* ni “fam”. Na *r* ya *père*, *mère* na *frère* iko kooni. Ukiitamka kama “gh” ya “ghali” utakuwa karibu sana kuliko ukiitetemesha ulimini.

La tano linahusu maana. *Ils ont* unasikika “ilz-on”, kwa *z*: wana. *Ils sont* ni “il-son”, kwa *s*: ni. *Ils ont trois enfants*, wana watoto watatu. *Ils sont trois*, wako watatu. Hiyo “on” itokee puani bila ulimi kugusa meno. Ukifunga *n* kwa ulimi, *oncle* inakuwa “onkle”, na watu watakuelewa lakini watajua.

Naomba mfano mzima uliosahihishwa.

Huyu ni mwanafunzi aliyetaka kusema: “Nina kaka wawili na dada mmoja. Kaka mkubwa ana miaka 32, ameoa. Mkewe ni mwuguzi. Dada yangu ni mfupi, ana nywele ndefu, ana akili sana. Mama mdogo anaishi nasi.” Akaandika:

*J'ai deux frères et une sœur. Mon frère grand est trente-deux ans, elle est marié. Son femme est une infirmière. Ma sœur est courte, elle a les cheveux grands, elle a intelligente. Ma petite mère habite avec nous.*

Sentensi ya kwanza ni safi. Ya pili ina makosa matatu: kwa mkubwa wa kuzaliwa *grand* hutangulia, umri unataka *a*, na kaka ni *il*. Hapo *marié* yenyewe ilikuwa sahihi, ndiyo ilimshtaki *elle*, kwani ingekuwa *elle* ingeandikwa *mariée*. Katika ya tatu, *femme* ni ya kike, kwa hiyo *sa*, na *une* haihitajiki. Ya nne imechanganya kimo na urefu wa nywele, kisha ikaacha “ana” ya akili kwenye *a*. Ya mwisho ni mtego ule ule wa baba mkubwa. Msikilizaji atadhani mama yake ana kimo kidogo. Ikanyooka hivi:

*J'ai deux frères et une sœur. Mon grand frère a trente-deux ans, il est marié. Sa femme est infirmière. Ma sœur est petite, elle a les cheveux longs et elle est très intelligente. Ma tante, la petite sœur de ma mère, habite avec nous.*

Alipoisoma kwa sauti, kosa pekee lililobaki lilikuwa *femme*, ambayo bado aliisoma “fem”.